Kusoma lebo ya vitamini za jeli za watoto: kipande kimoja kina nini, na vingapi ni vingi mno

Chukua chupa ya vitamini za jeli za watoto, zile laini za kutafuna zenye umbo la dubu au nyota, uigeuze nyuma. Swali la kwanza la mzazi, "nimpe vingapi?", limejibiwa pale pale. Gumu ni lile linalokuja baadaye, mtoto akishazipenda na kuanza kuomba zaidi: vikifika vingapi vitamdhuru? Hilo lebo hailijibu, lakini namba unazozihitaji imekupa, na hesabu yenyewe ni ya kugawanya na kuzidisha tu.

Kabla ya kuishika kalamu, tenganisha mambo mawili. Kuna kuzidisha polepole: vipande kadhaa vya ziada kila siku, mwezi baada ya mwezi. Na kuna kuzidisha kwa mkupuo: mtoto amebaki peke yake na chupa kwa dakika kumi, nusu yake imekwenda. Watu huogopa mkupuo na kuudharau mwendo wa polepole. Ukweli ni kwamba kila mmoja una kirutubisho chake cha kuogopwa. Kwenye mwendo wa polepole, kinachotangulia kuvuka mpaka mara nyingi ni vitamini A. Kwenye mkupuo, kinachoweza kuua ni madini ya chuma. Lebo moja inasomwa mara mbili, kila mara kwa jicho tofauti.

Hatua ya 1: Jua kipimo kimoja ni vipande vingapi

Mstari wa juu kabisa wa jedwali la virutubisho hautaji vitamini yoyote. Unataja ukubwa wa kipimo kimoja, tuseme vipande 2, na karibu yake idadi ya vipimo vilivyomo kwenye chupa, tuseme 30. Namba zote zilizo chini ya hapo ni za kipimo kizima. Ukiona vitamini A 300 mcg, hiyo ni ya vipande viwili kwa pamoja, na kipande kimoja kina 150 mcg.

Usidhani kila chupa ina utaratibu huo. Zipo ambazo kipimo chake ni kipande kimoja, na zipo za vitatu. Ndiyo maana kubadilisha aina ya vitamini huku ukiendelea na mazoea ya "viwili kila asubuhi" kunaweza kumpa mtoto dozi maradufu bila mtu kugundua: chupa ya zamani ilikuwa na 150 mcg kwa kipande, mpya ina 300.

Angalia pia kama jedwali lina safu mbili za umri. Chupa nyingi huelekeza kipande kimoja kwa mtoto wa miaka 2 hadi 3, na viwili kuanzia miaka 4. Maelekezo hayo wakati mwingine hayamo ndani ya jedwali bali pembeni, kwa herufi ndogo, chini ya maelezo ya matumizi. Mwenye watoto wawili wa umri tofauti na chupa moja ndiye anayepaswa kuyatafuta zaidi. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 4 kuna jambo jingine lisilohusu dozi: jeli ni laini, inanata na inaweza kuziba koo. Ale akiwa ameketi, mtu mzima akiwa karibu. Kwa mdogo zaidi, matone ni salama kuliko jeli.

Hatua ya 2: Usiamini asilimia, soma uzito

Mbele ya kila kirutubisho kuna namba mbili: uzito, kwa mg au mcg, na asilimia. Jicho hukimbilia asilimia kwa sababu inaonekana rahisi. Iache. Asilimia hiyo ni ya mahitaji ya mtu fulani wa kukadiriwa, na mara nyingi mtu huyo si mwanao. Kwenye lebo za Marekani, safu ya "miaka 4 na kuendelea" inamhesabia mtoto wa miaka 4 kwa kipimo kile kile cha mtu mzima, ambacho kwa vitamini A ni 900 mcg. Lebo za Ulaya nazo hutumia kiwango cha mtu mzima, 800 mcg.

Tazama inavyopotosha. Vitamini A 300 mcg itaandikwa asilimia 33 kwenye safu hiyo ya Marekani. Mzazi anaona theluthi moja tu na kujiambia nafasi bado ipo. Lakini mahitaji ya mtoto wa miaka 1 hadi 3 kwa siku nzima ni hizo hizo 300 mcg, na kiwango cha juu ambacho hapaswi kukivuka kila siku ni 600 mcg. Ile theluthi kwake ni mahitaji kamili, na ni nusu ya safari ya kuufikia mpaka.

Kuhusu vizio: miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Mikrogramu huandikwa mcg au µg, ni kitu kimoja. Bidhaa nyingine bado zinatumia IU, yaani yuniti za kimataifa, na hizo hubadilishwa kwa kila vitamini kivyake. Kwa vitamini D, gawanya IU kwa 40 upate mcg. Kwa vitamini A ya aina ya retinoli, zidisha IU kwa 0.3. Ukilinganisha chupa mbili bila kubadilisha vizio, ile ya IU itaonekana ina mzigo wa kutisha na ile ya mcg itaonekana haina kitu, hata kama ndani ziko sawa.

Hatua ya 3: Angalia vitamini A imetoka wapi

Karibu na jina la vitamini A, au kwenye orodha ya viambato, utakuta neno la retinili (palmitati au asetati), au beta-karotini. Tofauti yake ni kubwa. Retinili ni vitamini A iliyokwisha kutengenezwa. Mwili huipokea sehemu yake kubwa na kuiweka akiba kwenye ini, na hauna njia rahisi ya kuitoa ikizidi. Beta-karotini ni malighafi tu, ile rangi ya karoti, na mwili huigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji. Ikizidi, ngozi inaweza kupata rangi ya manjano-chungwa, hasa viganjani, na ukiipunguza hali hiyo inaisha. Mpaka wa 600 mcg unahusu hiyo iliyokwisha kutengenezwa peke yake, yaani retinoli na retinili.

Kwa hiyo chupa mbili zenye 300 mcg za vitamini A haziko sawa. Kama ninachagua kwa ajili ya nyumba ambayo mtoto ana tabia ya kudokoa, nachukua ya beta-karotini bila kufikiri mara mbili.

Hapa hapa, hakikisha kwamba ulichoshika ni vitamini kweli. Jeli za melatonini, homoni ya usingizi, hukaa kwenye rafu zile zile na zina dubu wale wale. Uchunguzi uliochapishwa kwenye jarida la JAMA mwaka 2023 ulipima bidhaa 25 za jeli za aina hiyo na kukuta 22 zina kiasi kisicholingana na lebo. Moja haikuwa na melatonini kabisa. Hizo usizifanyie hesabu ya mwongozo huu. Ziweke mbali na za vitamini.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya siku nzima

Sasa tufanye mfano mmoja hadi mwisho. Mtoto ana miaka 3 na kilo 14. Chupa inasema: kipimo vipande 2, vipimo 30. Kwa kila kipimo, vitamini A 300 mcg ya retinili palmitati, na vitamini D 15 mcg, sawa na 600 IU. Pembeni imeandikwa: miaka 2 hadi 3, kipande 1, kuanzia miaka 4, vipande 2.

Gawanya kwanza. Kipande kimoja kina vitamini A 150 mcg na vitamini D 7.5 mcg, ambazo ni 300 IU.

Sasa hesabu anachokula kweli, si kile ulichokusudia ale. Mama anampa viwili asubuhi, kwa sababu amesoma namba kubwa ya juu na hakuona ile ya umri. Bibi anampa viwili mchana, hajui kuwa asubuhi alishapewa, na mtoto hana sababu ya kumwambia. Jioni dada yake anampa viwili vya kumbembeleza anyamaze. Jumla ni vipande 6, na hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyetoa zaidi ya viwili.

Vitamini A: 6 mara 150 ni 900 mcg. Mpaka wake ni 600. Amevuka kwa nusu nzima, na bado hatujahesabu chakula. Kwa kweli amegusa mpaka tangu kipande cha nne.

Vitamini D: 6 mara 300 ni 1,800 IU. Mpaka wa mtoto wa miaka 1 hadi 3 ni 2,500 IU. Hajaufikia. Ndiyo maana nilisema A hutangulia. Nafasi iliyopo kati ya mahitaji na mpaka wake ni finyu, mara mbili tu, wakati ya D ni zaidi ya mara nne.

Mtoto wa miaka 4 hadi 8 ana nafasi kubwa kidogo: mpaka wa vitamini A ni 900 mcg na wa D ni 3,000 IU. Kwa chupa yetu ya mfano, yeye angegusa mpaka wa A kwenye kipande cha sita.

Kisha jumlisha vyanzo vingine vya retinoli, na hapa ndipo watu hushangaa. Mafuta ya ini la chewa, ambayo wengi humpa mtoto pamoja na jeli wakidhani ni vitu viwili tofauti, yamejaa vitamini A na D. Maziwa ya unga ya watoto huongezwa vitamini A. Nafaka za kifungua kinywa za pakiti nyingi nazo huongezwa. Soma lebo ya kila kimoja, chukua mcg za vitamini A, jumlisha. Kama mafuta ya ini yanampa 400 na vipande viwili vinampa 300, tayari yuko 700, na kila mtu anaona hajakosea.

Namba ya lebo yenyewe ichukulie kama kiwango cha chini. Vitamini kwenye jeli hupungua kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo watengenezaji huweka ziada ili ile iliyoandikwa ifikike hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa mpya inaweza kuwa na zaidi ya ilivyoandikwa.

Je, kuvuka 600 kwa siku moja kutamdhuru? Hapana. Mipaka hii imewekwa kwa ajili ya ulaji wa kila siku, kwa muda mrefu. Siku moja ya vipande sita inaisha kwa kuruka siku mbili tatu. Miezi sita ya vipande sita ndiyo shida.

Hatua ya 5: Zijue dalili za kuzidisha polepole

Vitamini A ikilundikana, mtoto hulalamika kichwa, ngozi inakauka na kubanduka, midomo inapasuka, nywele zinadondoka, mifupa inauma, anatapika bila sababu, na anakosa hamu ya kula. Vitamini D ikizidi hupandisha kalisi kwenye damu: kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, choo kigumu, kichefuchefu, na tena, kukosa hamu ya kula.

Hilo la mwisho ndilo linalozungusha watu. Mtoto hali chakula vizuri, mzazi anaongeza vitamini ili "apate hamu". Hamu inapungua zaidi, anaongeza tena. Kama mwanao amekuwa akila jeli kwa miezi na chakula kinamshinda, kabla ya kununua chupa nyingine simamisha hii uliyonayo, fanya hesabu ya hatua ya 4, na umpeleke kwa daktari ukiwa na karatasi ya hesabu hiyo. Mwambie wazi ni vipande vingapi kwa siku na tangu lini. Daktari asipoambiwa atatafuta ugonjwa, na vitamini hazitamjia akilini, kwa sababu familia nyingi hazizitaji zikiulizwa kuhusu dawa.

Hatua ya 6: Tafuta onyo, na usiutegemee mfuniko

Sasa soma lebo mara ya pili, kwa jicho la mkupuo. Unatafuta neno moja tu: chuma. Jeli nyingi za watoto hazina madini ya chuma kabisa, kwa kuwa yana ladha ya kutu inayoharibu utamu. Hilo ni jambo jema kwetu. Lakini zipo zinazoyaweka, na vidonge vya kutafuna vyenye umbo la wanyama mara nyingi huwa nayo.

Kwa bidhaa za Marekani, sheria inadai zenye madini ya chuma ziwe na onyo maalumu, kwamba kuzidisha kwa bahati mbaya bidhaa zenye chuma ni chanzo kikuu cha sumu inayoua watoto walio chini ya miaka 6. Onyo hilo ukilikuta, si maneno ya mwanasheria ya kujikinga. Linakuambia kuna chuma ndani. Usipolikuta, bado soma jedwali, kwa sababu nchi hazifanani.

Mfuniko wa kubonyeza na kuzungusha unasaidia, lakini jua umepimwa vipi. Kwa kipimo cha Marekani, kikundi cha watoto wa miaka mitatu na nusu hadi minne na kidogo hupewa chupa waifungue. Mfuniko unafaulu kama angalau asilimia 80 wameshindwa katika dakika kumi. Maana yake, mfuniko uliofaulu kihalali bado unaweza kufunguliwa na mtoto mmoja kati ya watano. Kazi yake ni kukununulia dakika chache. Na chupa isiyo na chuma huenda isiwe na mfuniko huo kabisa.

Kwa hiyo chupa inakaa juu, ndani ya kabati linalofungwa, pamoja na dawa. Isikae mezani kando ya sukari, wala kwenye mkoba. Mtu mmoja ndiye anayetoa, au paweke karatasi ya kutia alama iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, ili bibi aone asubuhi imeshatolewa. Na zisiitwe peremende, hata kwa kumbembeleza. Sababu yake si adabu ya maneno, inahusu hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Chupa imekutwa wazi

Mtoto anayefundishwa kwamba kilicho kwenye chupa ya dawa ni kitamu atajaribu chupa zote. Na chupa inayoua nyumbani mara nyingi si ile ya dubu, ni ya vidonge vya chuma vya mama mjamzito, vidogo, vyekundu mara nyingi, vimefunikwa sukari. Tofauti yake inaonekana kwenye namba.

Hesabu ya chuma hufanywa kwa uzito wa mtoto: miligramu za chuma halisi alizomeza, gawanya kwa kilo zake. Chini ya 20 mg kwa kilo, kwa kawaida hakuna madhara zaidi ya tumbo kuchafuka. Kati ya 20 na 60, tumbo huumia na hali inaweza kuwa mbaya. Kuanzia 40 miongozo ya wataalamu wa sumu humpeleka hospitali hata kama hana dalili. Zaidi ya 60 inaweza kumuua.

Chukua mtoto wa kilo 12. Jeli zenye chuma, kipimo vipande 2 chenye 10 mg, kwa hiyo 5 mg kwa kipande. Chupa ilikuwa na 45, zimebaki 11. Vimekwenda 34, usimwulize amekula vingapi, na usihesabu vilivyo mdomoni. Chukulia vyote vimeingia. 34 mara 5 ni 170 mg, gawanya kwa 12, unapata kama 14. Chini ya 20.

Sasa vidonge vya mama. Kidonge cha feras salfeti kikavu kilichoandikwa 200 mg kina chuma halisi kama 65 mg, kwa sababu zile 200 ni uzito wa feras salfeti nzima, si wa chuma peke yake. Tafuta kwenye lebo namba ya chuma chenyewe. Kwa mtoto huyo huyo wa kilo 12, vidonge 4 vinavuka 20 kwa kilo. Vidonge 8 vinavuka 40. Vidonge 12 vinavuka 60. Jeli 34 hazikufika pale vidonge vinne vilipofika.

Na vitamini A kwenye mkupuo? Turudi kwenye chupa yetu ya hatua ya 4, isiyo na chuma, na tuseme mtoto ameimaliza yote 60. Ni 9,000 mcg za vitamini A. Shirika la Afya Duniani, katika maeneo yenye upungufu, linapendekeza mtoto wa mwaka 1 hadi 5 apewe kapsuli moja ya 200,000 IU kila miezi minne hadi sita, ambayo ni 60,000 mcg kwa mara moja. Kwa hiyo chupa nzima ni ndogo kuliko kapsuli moja ya kliniki. Anaweza kutapika au kuumwa kichwa, na kama jeli zina sukari mbadala za sobitoli au maltitoli ataharisha sana, lakini hilo si janga. Usimpe vitamini zozote zenye A kwa wiki kadhaa.

Kwa utaratibu, basi. Toa vilivyobaki mdomoni kwa kidole, umsukutue kwa maji. Hesabu vilivyobaki, tazama saa, jua uzito wa mtoto. Piga simu kituo cha sumu kama nchi yako inacho, au hospitali iliyo karibu, ukiwa na chupa mkononi, na useme mambo manne: umri na kilo, jina la bidhaa na kiasi cha chuma kwa kipande, vipande vilivyokosekana, na saa. Piga hata kama hesabu yako inaonyesha usalama, kwa sababu mtu wa pili anaweza kuona ulichokosea.

Usimtapishe. Usimpe maji ya chumvi. Chumvi yenyewe ni hatari kwa mtoto mdogo. Maziwa na mafuta hayaondoi chuma. Mkaa wa dawa, unaosaidia kwa sumu nyingine nyingi, haushiki chuma, kwa hiyo usipoteze muda kuutafuta.

Kama chuma kimefika 20 kwa kilo, au hujui idadi wala kiasi, au ni vidonge vya mtu mzima, nenda hospitali sasa hivi. Nenda pia kwa hesabu yoyote ile kama anatapika kwa kurudia, anaharisha damu, amepauka au analegea na kusinzia.

Onyo la mwisho ni la saa. Sumu ya chuma huanza na kutapika na kuharisha ndani ya saa sita za mwanzo. Kisha, kati ya saa ya 6 na ya 24, mtoto anaweza kuonekana amepona: hatapiki, anaomba maji, anacheza. Wakati huo huo chuma kinaingia kwenye ini na mishipa, na baadaye hali huporomoka ghafla. Kwa hiyo mtoto aliyemeza vidonge vya chuma na kutapika jana usiku, leo asubuhi akaamka mzima, bado anapelekwa hospitali, na chupa yake inapelekwa naye. Kwa upande mwingine, kama saa sita zimepita bila kutapika hata mara moja, daktari ataona kuna nafuu ya kweli. Kipimo cha chuma kwenye damu kina maana zaidi kikichukuliwa kati ya saa ya 4 na ya 6 tangu ameze, na ndiyo maana saa uliyoiandika ina thamani kuliko makisio yoyote ya rangi na idadi ya vidonge.